Sanduku la karatasi kuukuu: namna ya kuchambua postikadi, bahasha na vikaratasi bila kupoteza habari zilizomo

Mtu akirithi au akiokota sanduku la karatasi za zamani, mara nyingi hufanya mambo mawili siku ya kwanza. Huchomoa postikadi zenye picha nzuri akazitenga, kisha huchukua mkasi akakata stempu kutoka kwenye bahasha. Jioni ikifika ana rundo la picha nzuri zisizo na kwao, kikopo cha stempu za kawaida, na mfuko wa takataka uliobeba sehemu kubwa ya thamani ya sanduku lile.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kinachofanya kikaratasi kitafutwe na wakusanyaji ni habari kinachobeba: nani alikitumia, wapi, lini, kwa shughuli gani. Uzuri husaidia, ila haufiki mbali peke yake. Tena habari hiyo mara nyingi haikai kwenye karatasi moja. Imegawanyika kati ya karatasi mbili au tatu zilizolala pamoja, na ukizitenganisha bila kuandika popote, hakuna atakayeweza kuziunganisha tena.

Kwa nini kikaratasi cha kutupwa kitafutwe

John Johnson, aliyekuwa mkuu wa uchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford kuanzia 1925 hadi 1946, katika ujana wake alichimbua maandishi ya kale ya mafunjo huko Misri. Vipande vile vilikuwa vimetoka kwenye majalala ya watu wa kale: hesabu, risiti, barua fupi. Kutokana na kazi hiyo alianza kujiuliza kwa nini hakuna anayehifadhi majalala ya zama zake mwenyewe. Akakusanya tiketi, lebo, matangazo, ankara, kadi za wafanyabiashara na kila kilichochapwa ili kitumike mara moja na kutupwa. Mkusanyo wake sasa uko Maktaba ya Bodleian ya chuo hicho, ulikohamishiwa mwaka 1968.

Hapo ndipo penye siri ya uhaba. Postikadi ya kanisa kuu maarufu ilichapwa kwa maelfu mengi, ikanunuliwa kama kumbukumbu na kuwekwa kwenye albamu. Imebaki tele. Tiketi ya feri, lebo ya mzigo au ratiba ya gari ilichapwa kwa wingi vilevile, lakini kila mtu aliitupa. Iliyobaki imebaki kwa bahati, labda kwa sababu mtu aliiweka ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa. Kwa hiyo unapochambua, usijiulize kama kitu ni kizuri. Jiulize ni watu wangapi wangekuwa na sababu ya kukiweka.

Hatua ya kwanza: kabla hujainua kitu

Andaa meza kubwa, kavu na safi, mbali na vinywaji. Unahitaji kioo cha kukuzia cha mara 10, rula yenye milimita, penseli laini ya 2B, na karatasi nyeupe za kutenganishia makundi. Osha mikono na uikaushe vizuri. Glavu za pamba zinaonekana za kitaalamu lakini hupunguza hisia ya vidole, na ndizo zinazochana kingo za karatasi dhaifu. Vidole safi ni salama zaidi, isipokuwa kwenye uso wa picha za kamera, ambazo hushikwa kingoni tu.

Piga picha ya sanduku likiwa limefunguliwa, kisha toa vitu tabaka kwa tabaka, ukipiga picha kila tabaka. Furushi lililofungwa kwa uzi usilitawanye. Mtu alilifunga kwa sababu, na sababu hiyo ni ushahidi. Lipe namba, iandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, na kipande hicho kikae na furushi muda wote.

Mipira ya kufungia iliyokauka ikate kwa mkasi uiondoe. Iliyogandia kwenye karatasi iache ilivyo, kwa maana ukiivuta itaondoka na uso wa karatasi. Klipu yenye kutu usiivute pia. Penyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya klipu na karatasi, juu na chini, ndipo uitelezeshe. Ukikuta ukungu wenye manyoya au unyevu, tenga kitu hicho mara moja na kiache kikauke mahali penye hewa, mbali na vingine, na uvae barakoa unapokishika. Ukungu uliokauka kabisa hubaki kama vumbi. Ulio hai huacha mchirizi unapoguswa.

Hatua ya pili: mkasi na maji vikae mbali

Stempu iliyo kwenye bahasha yake inaweza kueleza mambo ambayo stempu iliyokatwa haiwezi. Tazama bahasha nzima kama hati ya safari. Mbele kuna stempu zinazoonyesha ada iliyolipwa, muhuri wa posta ulioonyesha mji na tarehe, na anwani inayoonyesha barua ilikokuwa ikienda. Huenda kuna lebo yenye herufi R na namba, ya barua iliyosajiliwa. Huenda kuna herufi T ndani ya duara au pembetatu, alama ya kimataifa kwamba ada haikutosha na mpokeaji alitakiwa kulipa nyongeza. Kwenye bahasha za wakati wa vita pembeni huenda kuna utepe wa karatasi uliobandikwa na wakaguzi wa barua baada ya kuifungua. Sasa geuza. Nyuma mara nyingi kuna mihuri ya miji ambayo barua ilipita na mji ilikofika, kila mmoja na tarehe yake. Ukiipanga kwa tarehe, unaijua njia ya barua na siku ilizotumia.

Mkusanyaji anayejua kazi yake hutafuta mchanganyiko huo. Stempu ya kawaida kabisa, ikiwa imelipia ada isiyo ya kawaida kwenda mahali ambapo barua zilikwenda kwa nadra, huwa kitu adimu. Ukiikata, imerudi kuwa stempu ya kawaida.

Hata uchafu na majeraha yaangalie mara mbili. Mwaka 1937 Hindenburg, puto kubwa la kusafirishia abiria angani, liliungua likitua Marekani, likiwa limebeba barua. Chache zilizookolewa zimeungua kingo, na hizo ndizo zinazotafutwa sana. Kovu hilo likisafishwa, hakuna kilichobaki cha kutafuta. Ndiyo maana nasema usioshe, usifute kwa kifutio, usibandue chochote, mpaka ujue unatazama nini.

Hatua ya tatu: makundi manne na rundo la sijui

Panga kwanza kwa aina. Rundo la kwanza ni postikadi. La pili ni bahasha na barua, na kila barua irudi ndani ya bahasha yake ileile uliyoikuta nayo. La tatu ni karatasi za shughuli: ankara, risiti, tiketi, lebo, programu za maonyesho, ratiba, kadi za biashara, matangazo ya mkono. La nne ni picha za kamera zisizo postikadi. Kila kinachokutatiza kiende kwenye rundo la sijui. Rundo hilo likiwa kubwa si aibu.

Kuna sheria moja inayozidi makundi yote: undugu. Ukikuta mwandiko uleule kwenye vitu viwili, jina lilelile, anwani ileile au mahali palepale, viandikie namba moja kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Havihitaji kulala rundo moja, lakini lazima viwe na uzi unaoviunganisha.

Hatua ya nne: soma mgongo wa postikadi kabla ya picha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayotoa majibu mengi. Kadi ya kwanza rasmi ya posta ilitolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na haikuwa na picha. Upande mmoja uliandikwa anwani, wa pili ujumbe. Picha zilipokuja, kanuni ya zamani ilibaki: upande wa anwani ni wa anwani tu. Kwa hiyo kadi za mwanzo zina mgongo usiogawanywa, na mwenye ujumbe alijibana kuuandika kwenye nafasi nyeupe iliyoachwa kando ya picha. Watu wengi leo wakiona maandishi juu ya picha hudhani kadi imeharibiwa na mtoto. La. Mwandishi hakuwa na mahali pengine.

Kisha nchi moja baada ya nyingine ikaruhusu mstari wa kati, anwani kulia na ujumbe kushoto. Uingereza ilianza 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905, na Marekani tarehe 1 Machi 1907. Picha sasa ikaweza kujaza upande mzima. Ukishajua kadi imetoka nchi gani, mstari huo peke yake unakupa mpaka wa miaka.

Ila kumbuka kwamba kila postikadi ina tarehe tatu: siku picha ilipopigwa, siku kadi ilipochapwa, na siku ilipotumwa. Muhuri unakupa ya tatu tu. Duka liliweza kuuza kadi za mgongo usiogawanywa miaka kadhaa baada ya sheria kubadilika, na mchapaji aliweza kutumia picha ya miaka 10 iliyopita. Hivyo mstari wa kati unakuambia kadi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, lakini haukuambii ilitumwa lini. Wanaoanza hukosea hapa: huandika tarehe ya muhuri kana kwamba ndiyo tarehe ya picha.

Ukubwa nao husema. Kadi nyingi za zamani ni kama sentimita 9 kwa 14. Kadi za baadaye, hasa za nusu ya pili ya karne ya 20, hukaribia 10.5 kwa 15. Kadi yenye picha ya zamani lakini ukubwa wa sasa inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi.

Hatua ya tano: picha halisi au chapa

Chukua kioo cha kukuzia utazame anga au uso wa mtu. Ukiona nuktanukta zilizopangwa kwa safu, kadi ilichapwa kwa mashine na nakala zake zilikuwa nyingi. Ukiona chembechembe zilizojikunja bila mpangilio, kama ngozi iliyosinyaa, hiyo ni njia ya uchapaji ya zamani iliyotumia gelatini juu ya kioo, nayo ni nzuri sana kwa macho. Ukiona weusi unayeyuka taratibu kuwa weupe bila nukta yoyote, una picha ya kamera iliyosafishwa moja kwa moja juu ya karatasi yenye mgongo wa postikadi.

Hizi za mwisho hutafutwa kuliko nyingine. Mpiga picha wa mtaa aliweza kutengeneza nakala sita tu kwa familia moja, na hazikuchapwa tena. Dalili nyingine ni mng'ao wa fedha kwenye sehemu nyeusi ukiinamisha kadi mbele ya taa. Mng'ao huo hutokana na fedha iliyomo kwenye picha kupanda juu kwa miaka.

Kwenye kona ya stempu ya kadi hizi mara nyingi kuna jina la karatasi. AZO ni mojawapo ya yanayoonekana sana. Tazama alama ndogo kwenye pembe nne za mahali hapo pa stempu. Zikiwa pembetatu nne zote zinazoelekea juu, wakusanyaji huiweka karatasi hiyo kati ya 1904 na 1918. Mbili juu na mbili chini, kati ya 1918 na 1930. Miraba kwenye pembe ni ya baadaye. Hapa tena ni umri wa karatasi, na boksi la karatasi liliweza kukaa kabatini muda mrefu.

Hatari ya nakala mpya ipo. Kioo cha kukuzia hutosha mara nyingi, kwa sababu nakala mpya ya picha halisi huwa na nukta za printa. Njia nyingine ni taa ile ya kukagulia noti. Viongeza weupe vilianza kutiwa kwenye karatasi kwa wingi baada ya Vita ya Pili ya Dunia, navyo hung'aa buluu kali chini ya taa hiyo. Kadi inayodai kuwa ya 1910 na inang'aa hivyo ina maswali ya kujibu. Kadi isiyong'aa haijathibitishwa bado, maana si karatasi zote za leo zina viongeza hivyo.

Kisa kimoja, kipande kwa kipande

Niliwahi kuchambua sanduku lililokuwa na vitu kama 300. Katika tabaka la pili kulikuwa na postikadi ya Marekani: wanaume wanne wamesimama mbele ya karakana ya magurudumu ya mikokoteni, kibao juu ya mlango kikisomeka nusu. Kioo kilionyesha hakuna nukta, basi ilikuwa picha halisi. Mgongo ulikuwa na mstari wa kati na AZO yenye pembetatu nne juu. Mstari ulisema si kabla ya 1907, karatasi ilisema si baada ya 1918 au karibu yake. Haikuwa na stempu wala muhuri. Kwa penseli mtu aliandika maneno machache: wa kulia ni mimi.

Peke yake, kadi hiyo ni picha nzuri ya watu wasiojulikana mahali pasipojulikana. Lakini haikuwa na stempu kwa sababu fulani, na sababu ya kawaida ni kwamba ilisafiri ndani ya bahasha. Nikaenda kwenye rundo la bahasha kutafuta mwandiko uleule, hasa herufi g yenye mkia uliorudi kushoto. Nikaipata ya tatu kutoka juu, kwa wino, muhuri wa 1911 ukisomeka wazi pamoja na jina la mji. Nilipima: kadi inaingia kwa raha, na mikunjo ya bahasha imevimba kama iliyowahi kubeba kitu kigumu. Hiyo ni dalili, haijawa uthibitisho.

Uthibitisho ulitoka kwenye rundo la tatu. Kulikuwa na ankara yenye kichwa kilichochapwa jina la karakana, na nusu ya jina hilo ndiyo iliyosomeka kwenye kibao. Mji ulikuwa uleule wa kwenye muhuri. Sehemu ya tarehe ilichapwa 190 na nafasi ya tarakimu ya mwisho, na mtu alikuwa amekata sifuri kwa kalamu akaandika 11 juu yake. Ankara za miaka hiyo zilichapwa hivyo mara nyingi, muongo ukiwa tayari, na mfanyabiashara asiyetaka kupoteza karatasi aliendelea kuzitumia muongo ulipopita. Kwa hiyo usiamini tarehe iliyochapwa mpaka utazame kalamu ilifanya nini.

Vitu vitatu sasa vilikuwa na mji, jina la karakana, mwaka na mtu aliyesimama kulia. Nimeviweka pamoja, na katika maelezo nimeandika kipi ni hakika na kipi ni dhana. Mwaka wa picha ni dhana, kwa kuwa huenda ilipigwa kabla ya 1911.

Kilichoniuma ni bahasha nyingine 14 za mwandiko uleule. Kona zote zilikuwa zimekatwa stempu na mmiliki wa awali, mihuri ikaondoka nazo. Huenda zingetueleza karakana ile ilidumu mpaka lini.

Hatua ya sita: kupima hali na kuamua

Sasa ndipo utenge vya kuweka, vya kuuza na vya kumpa mtu mwingine. Kwa postikadi, anza na pembe, kwa sababu ndizo zinazochakaa kwanza. Kisha tafuta mikunjo kwa kuinamisha kadi mbele ya taa ya upande. Mkunjo unaokata picha huumiza zaidi ya ulio kona. Tafuta alama za gundi ya albamu nyuma, na sehemu zilizochubuka kadi ilipobanduliwa. Madoadoa ya kahawia hutokana na unyevu na uchafu ndani ya karatasi, wala huwezi kuyatoa nyumbani bila madhara.

Pima hali kulingana na uhaba. Kadi ya mandhari maarufu yenye pembe iliyovunjika haina mtu anayeihitaji, kwani nzima zipo. Picha halisi ya wafanyakazi kazini, duka lenye majina, ajali, mafuriko au shughuli isiyofanyika tena huvumilia pembe zote nne mbovu. Kadi iliyoandikwa isihesabiwe kuwa duni pia. Ujumbe wa salamu tu hauongezi kitu, lakini unaoeleza kinachoonekana kwenye picha unaweza kuwa sehemu bora ya kadi.

Hatua ya saba: mahali pa kulala

Weka kila kitu cha thamani kwenye mfuko wake wa poliesta au polipropilini. Epuka plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali inayonata kidogo, kwa kuwa hutoa kemikali zinazoharibu wino na picha. Selotepu isiguse karatasi kamwe: gundi yake huingia ndani, hugeuka kahawia, na doa halitoki. Mchaniko uache kama ulivyo ndani ya mfuko wake.

Vipande vya magazeti vitenge na vingine vyote. Karatasi ya gazeti ina lignini ya mti, hutoa tindikali, na huchora kivuli cha njano kwenye kadi iliyolala juu yake. Simamisha kadi kwenye boksi lisilo na tindikali, zimejaa kiasi cha kusimama zenyewe bila kubanana, chumbani penye unyevu wa wastani wa asilimia 30 hadi 50, mbali na jua, sakafu na ukuta wa nje. Picha halisi zikipata unyevu mkubwa hugandamana uso kwa uso, na kuzibandua ni kazi ya fundi wa uhifadhi.

Namba na maelezo andika kwa penseli ya 2B, kwa wepesi, kwenye kona ya mgongo, kadi ikiwa juu ya meza ngumu ili isibonyee upande wa picha. Kwenye daftari andika namba, kitu ni nini, kilitoka tabaka gani na furushi lipi, na ndugu zake ni namba zipi. Rundo la sijui nalo lipe boksi lake. Lirudie baada ya kumaliza mengine yote, kwa sababu mwandiko na majina utakayokuwa umeyazoea kufikia hapo yatakutambulisha vitu vingi ambavyo siku ya kwanza havikusema chochote.